Naomba ushauri: tiketi zisizoisha mwisho wa sprinti, ipi ivuke na ipi irudi baklogi?

Wakuu, habari za kazi. Sprinti yetu ya wiki 2 inafungwa Ijumaa na tiketi 3 hazijaisha. Ya kwanza, risiti za malipo, pointi 8: msimbo umeandikwa, bado kupitiwa na kupimwa. Ya pili inasubiri funguo za API kutoka benki, na hawajatupa tarehe. Ya tatu haijaguswa.

Ukibonyeza `Complete sprint`, Jira hupeleka zote zilizobaki sehemu moja, kwa hiyo lazima tuzitenganishe kabla. Mimi naona ya kwanza ivuke, maana tawi la msimbo likikaa muda mrefu litagongana na `main`. Ya pili irudi baklogi mpaka funguo zifike. Ikivuka itashika nafasi bure. Ya tatu irudi pia, ipangiwe kipaumbele upya na mwenye bidhaa.

Ninapokwama ni pointi. Tukiiacha ile ya kwanza na pointi 8, sprinti ijayo itaonekana imejaa wakati kazi iliyobaki ni kama 2. Tukiikata iwe 2, pointi 6 hazihesabiwi popote na wastani wa kasi unashuka. Nyie mnapangaje hapo? Na tiketi ikivuka mara ya pili, mnaigawa au mnairudisha?