Mrejesho: akili nzito baada ya homa ya mafua

Niliuliza: "Homa imeisha siku 5 sasa, mbona akili bado nzito na sina raha na chochote?"

Ndugu zangu, nimepona. Daktari alinieleza kuwa kemikali ambazo mwili hutoa kupambana na virusi huuathiri ubongo pia, na uzito huo kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2 hivi, wengine huchelewa zaidi. Nilikuwa nasoma ujumbe mfupi mara 3 bila kuuelewa! Huzuni ilitangulia kuondoka, siku ya 9. Umakini ulirudi siku ya 16. Katikati nilijilazimisha kufanya kazi kutwa nzima, kesho yake nikarudi nyuma. Alinionya: huzuni ikizidi wiki 2, nirudi, nikichanganyikiwa ghafla au shingo ikikakamaa, niwahi hospitali palepale.