Maabara wameandika chuma ni "kyubu sahili" kwa mistari sita tu, na hela wamechukua

Mchunga_Eksirei:
Wakuu, nina hasira. Tulipeleka unga wa chuma safi upigwe eksirei kwa tyubu ya shaba. Vilele vimetoka sita, vizuri kabisa: 44.7, 65.0, 82.3, 98.9, 116.4 na 137.1 kwenye mhimili wa 2θ. Ukikokotoa sin²θ unapata 0.144, 0.289, 0.433 na kuendelea, yaani 1:2:3:4:5:6. Basi wakagonga muhuri: latisi sahili, a = 2.03 Å. Chuma hiki hiki cha misumari! Latisi yenye atomu katikati ya mwili hubakiza mistari ambayo h²+k²+l² ni shufwa: 2, 4, 6, 8, 10, 12. Gawanya kwa 2, unapata uwiano uleule. Kwa mistari sita huwezi kuzitofautisha. Kwa nini mtu aandike kwa uhakika?

Dogo_wa_Kemia:
Mkuu, mbona rahisi? Latisi sahili haina mstari wa 7, kwa sababu hakuna miraba mitatu inayojumlishwa ikawa 7. Na hapo wa 7 haupo. Wako sahihi.

Fundi_Goniometa:
Dogo, kanuni unaijua ila umeitumia vibaya. Mstari wa saba ungekuwa kwenye 7 × 0.1444, yaani sin²θ = 1.011. Hakuna pembe ya namna hiyo. Haukufutwa na latisi, tyubu ya shaba ndiyo haiwezi kuufikia. Kwa molibdeni ungekuwa karibu na 55.3. Ukionekana pale, ni 321, jumla 14, na latisi sahili imekufa. Ya atomu kwenye nyuso haimo kabisa, maana ingeanza 3, 4, 8, 11: vilele viwili jirani, kisha pengo.

Mama_Chumvi:
Kwangu kloridi ya potasiamu ilitoa 1, 2, 3, 4, 5, 6, 8. Wa 7 haukuwepo kweli, nikaambiwa ni sahili. Nao walinidanganya?

Fundi_Goniometa:
Dada, hilo ni jambo jingine. Latisi yako ina ioni kwenye nyuso, ila K⁺ na Cl⁻ zina elektroni 18 kila moja, kwa hiyo mistari ya witiri karibu inajifuta yenyewe. Linganisha na chumvi ya mezani, utaiona 111.

Mchunga_Eksirei:
Molibdeni hawana, nimeuliza. Nikapiga densiti. Atomu moja kwenye kyubu ya 2.03 Å inatoa gramu 11.1 kwa sentimita ya ujazo. Atomu mbili kwenye 2.866 Å zinatoa 7.88, na chuma ni 7.87. Hesabu ya dakika tano, na hawakuifanya! Nimewaandikia wabadilishe ripoti. Wamejibu kwamba "programu ndiyo imechagua".

Dogo_wa_Kemia:
Sawa kwa chuma. Na kama sampuli ni aloi usiyoijua, densiti utaitoa wapi?