Nyumba ya saba ina nukta 21 tu, ndoa ipo kweli?

binti_wa_upanga
Habari zenu wakuu. Sisi ni Wahindu wa hapa Dar, nina miaka 29, kuna posa imekuja kutoka Gujarati na upande wa kijana wakaomba kundali yangu, nikaitengeneza kwenye apu nikawatumia. Panditi wao kaangalia ashtakavarga kasema nyumba ya saba ina nukta 21, wastani ni 28, kwa hiyo ahadi ya ndoa ni dhaifu. Mama tangu juzi hata chakula hali vizuri. Lagna yangu ni Simba, nyumba ya saba inaangukia Ndoo, Jua liko Nge, nilizaliwa mwishoni mwa Novemba saa moja na robo asubuhi. Hiyo 21 ni mbaya kiasi gani?

mzee_wa_rashi
Pole dada ila panditi kasema kweli. Nukta zote za chati ni 337, gawa kwa rashi 12 unapata 28 na kidogo. Chini ya 25 nyumba haina nguvu. Chini ya 22 ndoa inachelewa au haipo kabisa, ndo kanuni.

Mama Kavi
Jamani msimtishe mtoto wa watu. Mimi na baba Kavi tulipata 21 kati ya 36 na mwaka huu tunafikisha miaka 17 ya ndoa, 18 tu inatosha!

mzee_wa_rashi
Mama Kavi hiyo 36 ni ya kulinganisha nyota za mwezi za watu wawili, hapa tunasoma chati ya mtu mmoja.

Mama Kavi
Haya, ila 21 ni 21 😅

fundi_chati
Ngojeni kwanza. Dada umesema umezaliwa saa moja asubuhi, Jua ndo limetoka kuchomoza, kwa hiyo lazima liwe kwenye lagna yenyewe au jirani yake kwa juu. Sasa lagna Simba na Jua Nge maana yake Jua liko nyumba ya nne, chini kabisa ya ardhi, huyo ni mtoto wa usiku wa manane. Kwenye apu uliandika saa ngapi?

binti_wa_upanga
01:15. Si saa moja na robo?

fundi_chati
Hapo ndo penyewe. Apu haijui saa ya Kiswahili, ulitakiwa kuandika 07:15. Nimeona chati nyingi za watu wa huku zimeharibika hivi hivi, saa sita zikipotea lagna inahama kama rashi tatu. Rudia, acha saa za eneo +3, usiweke +5:30 ya India, halafu hakikisha jumla ya nukta bado ni 337. Ukiona 386 ujue apu imejumlisha na jedwali la lagna lenye 49, hapo hata wastani unapanda mpaka 32.

binti_wa_upanga
Nimerudia, mikono inatetemeka. Lagna Nge, Jua lipo humo humo. Nyumba ya saba sasa ni Ng'ombe, nukta 28. Lakini kwenye chati ya kwanza Ng'ombe alikuwa na 33, na Ndoo kutoka 21 imekuwa 25, mbona sayari hazijahama??

fundi_chati
Sayari zipo palepale ila lagna nayo inagawa nukta, jumla 45. Nyumba ya 11 inaipa 7, ya 10 inaipa 6, ya nne 5, ya saba inaipa MOJA tu. Ng'ombe alikuwa wa 10 kutoka Simba, sasa ni wa saba kutoka Nge, kapoteza 5. Ndoo ilikuwa ya saba imekuwa ya nne, imeongeza 4. Ndo maana kipimo cha 28 kinaionea nyumba ya saba. Toa hizo 45 kwenye 337, gawa kwa 12, rudisha ile moja, unapata kama 25. Kwa nyumba ya saba 25 ni ya kawaida tu, na 28 yako iko juu.

mzee_wa_rashi
Hiyo hesabu sijawahi kuiona kwa mwalimu yeyote. Wazee wanasema 28 kwa nyumba zote.

fundi_chati
Chukua jedwali la lagna uhesabu kwa kidole mzee wangu. Halafu nukta hazisemi ndoa ipo au haipo. Hilo unaanza kulitafuta kwa bwana wa nyumba ya saba, Zuhura na navamsha. Nukta zinaonyesha nyumba itapata msaada kiasi gani, hasa Mshtarii au Zohali akipita pale. Dada, Zuhura yuko wapi?

binti_wa_upanga
Mizani.

mzee_wa_rashi
Aah! Bwana wa saba kaangukia nyumba ya 12, nyumba ya hasara. Nilisema mimi.

fundi_chati
Mizani ni nyumbani kwake mwenyewe, na 12 ni nchi ya mbali pia, na posa imetoka wapi? Ila sibishi sana, nyumba ya 12 ina mambo yake, bila navamsha siwezi kumaliza. Na hiyo navamsha inageuka kila dakika 13 hivi, kwa hiyo ile "na robo" ya mama inabidi tuiamini kweli.

binti_wa_upanga
Nimemuuliza mama sasa hivi. Anasema "moja na robo, au na nusu, chai ya wodini ilikuwa inagawiwa." Kadi ya kliniki ipo kwa bibi Tanga, kesho nampigia.

Mama Kavi
Na huyo panditi mtumieni chati mpya leo leo, asije akapeleka jibu kwa wakwe!