Naomba ushauri: ripoti ya robo ya pili inasema matumizi ni asilimia 80, lakini zahanati haina paa

Mfuatiliaji wa Ziwani
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mfuatiliaji wa bajeti katika asasi ndogo ya kiraia mkoani Mwanza, na halmashauri ninayoifuatilia ipo ufukweni, ila naomba nisiitaje jina. Nimepata ripoti ya utekelezaji wa bajeti ya robo ya pili, ile inayoishia 31 Desemba, na kuna mstari mmoja unaoninyima usingizi. Mradi ni ukamilishaji wa maboma manne ya zahanati. Bajeti iliyoidhinishwa ni shilingi milioni 200, fedha zilizopokelewa ni milioni 120, matumizi ni milioni 96, na safu ya mwisho imeandikwa asilimia 80. Nimefika kwenye mojawapo ya maboma hayo, lililo karibu na mwalo, na halina paa. Niandike kwa lugha gani kwamba milioni 96 ni matumizi hewa, bila kujikuta mahakamani?

Dagaa Mkavu
Pengine paa limevuka kwenda Ukerewe kwa sikukuu ya Krismasi na litarudi na kivuko cha Jumatatu. Kuwa na subira, mkuu.

Nusu Mwaka
Ndugu yangu, mbona unajipa presha bure? Mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo Desemba tumefika nusu. Mradi uliopangiwa milioni 200 unapaswa kuwa umepokea milioni 100, na huu umepokea 120, sawa na asilimia 60. Halmashauri ipo mbele ya ratiba. Zile milioni 80 zilizobaki zitaletwa na Hazina robo zinazofuata.

Mama Kikundi
Mimi nawaelewa wanaokasirika. Kikundi chetu cha akina mama wa dagaa kiliomba mkopo wa ile asilimia kumi ya halmashauri, na kwenye kikao tukasomewa kwamba mikopo ya robo hiyo imeshatolewa, jina la kikundi chetu likiwemo. Wakati huo akaunti yetu haikuwa na hata shilingi. Fedha zilikuja, sikatai, lakini zilikuja baada ya msimu mzuri kupita na sisi tumeshakopa kwingine kwa riba. Tangu siku hiyo nikisikia neno “zimetolewa”, huwa nauliza zimetolewa wapi na zimefika wapi.

Mzee wa Leja
Swali la Mama Kikundi ndilo la kuanzia. Nimefanya kazi ya uhasibu serikalini miaka mingi, na kabla sijasema lolote kuhusu lugha ya kuandikia, nina maswali matatu kwa mleta mada. Kwanza, safu ya chanzo cha fedha inasema nini? Pili, hizo milioni 96 ni za robo ya pili peke yake au ni limbikizi tangu Julai? Tatu, chini ya jedwali kuna tanbihi?

Na ile asilimia 80 usiibebe kama ulivyoikuta. Ni 96 kugawanya kwa 120, yaani matumizi dhidi ya kilichopokelewa. Ukigawanya kwa bajeti iliyoidhinishwa unapata asilimia 48. Zote mbili ni sahihi, lakini zinajibu maswali tofauti, na mwandishi wa ripoti amekuchagulia ile inayompendeza.

Mfuatiliaji wa Ziwani
Asante sana mzee. Chanzo ni mapato ya ndani. Kichwa cha safu kinasema “hadi Desemba”, kwa hiyo nadhani ni limbikizi. Kuhusu tanbihi sioni kama ina uzito wowote. Hoja yangu ni kwamba nimesimama ndani ya boma na nimeona anga.

Mzee wa Leja
Kama chanzo ni mapato ya ndani, basi ndugu Nusu Mwaka, Hazina haihusiki na hizo milioni 80. Halmashauri yenyewe ndiyo inayokusanya ushuru na kuamua iugawe vipi. Mleta mada afungue ukurasa wa makusanyo wa ripoti hiyo hiyo aone wamefikia asilimia ngapi ya lengo. Wakiwa wamekusanya kidogo kuliko nusu huku mradi huu ukipewa asilimia 60, basi kuna mradi mwingine uliobanwa ili huu upate. Hesabu ya kugawa mwaka katika mafungu sawa inafaa kwa mishahara, kwa sababu hulipwa kila mwezi. Ujenzi hauendi hivyo, maana unaweza kukaa miezi mitano bila senti kisha ukapokea kwa mkupuo.

Sasa naomba tanbihi, neno kwa neno.

Mfuatiliaji wa Ziwani
Imeandikwa hivi: “Matumizi yanajumuisha fedha zilizohamishiwa katika akaunti za vituo.” Sikuiweka mwanzoni kwa sababu niliona ni maneno ya kujikinga.

Mzee wa Leja
Hapo ndipo ulipo uzi wako wote. Mbele ya mweka hazina, shilingi ikishatoka kwenye akaunti ya halmashauri kwenda kwenye akaunti ya kituo, kwenye vitabu vyake imeshatumika. Hati ya malipo ipo, salio limepungua, na safu ya matumizi imeongezeka. Mbele ya kituo, shilingi hiyo hiyo ndiyo kwanza imepokelewa. Inatumika pale kamati ya manunuzi itakapochagua mzabuni, kamati ya mapokezi itakapokagua vifaa, na malipo yakatoka benki. Kwa hiyo wewe huna namba tatu za kutenganisha, una nne: iliyoidhinishwa, iliyopokelewa na halmashauri, iliyofika kituoni, na iliyolipwa na kituo. Ripoti imezibana mbili za mwisho ndani ya safu moja.

Bwana Ushahidi
Samahani kwa kukatiza, lakini uzi huu una harufu ya kutungwa. Milioni 200, milioni 120, milioni 96, zote zimenyooka kama rula. Ni ripoti gani ya serikali isiyo na shilingi mia nne na senti hamsini mwishoni? Halmashauri haina jina, zahanati haina jina. Naona mtu anayejiandaa kugombea udiwani na anatafuta maneno ya jukwaani.

Dagaa Mkavu
Akipata udiwani, paa atalibeba yeye mwenyewe kichwani.

Mfuatiliaji wa Ziwani
Sigombei chochote. Jina nimelificha kwa sababu mtu aliyenisaidia kupata nakala bado anafanya kazi pale pale.

Mzee wa Leja
Bwana Ushahidi ameuliza jambo zuri, ila namba kunyooka hakuthibitishi kwamba zimetungwa. Bajeti hupangwa kwa namba kamili, na milioni 50 kwa boma ni kiwango cha kawaida. Kilichonishtua mimi ni matumizi kunyooka. Ukinunua saruji, nondo na mbao, na ukamlipa fundi, jumla haiishii kwenye masifuri sita. Milioni 96 ukiigawa kwa maboma manne ni milioni 24 kila moja bila baki. Hiyo ni sura ya uhamisho, siyo ya manunuzi. Hata bila tanbihi ningeanza kushuku.

Mleta mada, ukitaka nikuamini moja kwa moja, tuambie akaunti ya kituo inasema nini. Kamati ya usimamizi ya kituo inapaswa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, na kama jengo halijafunguliwa, taarifa hiyo ipo kwa mtendaji wa kijiji.

Mama Kikundi
Na mimi nina swali la kizembe. Ndani ya hilo boma lisilo na paa kuna nini?

Mfuatiliaji wa Ziwani
Sawa. Ndani kuna mbao za kenchi, zimelundikwa kwenye chumba kilichopangwa kuwa cha kujifungulia na kufunikwa turubai. Lenta imemwagwa na zege linaonekana bichi bado. Taarifa ya benki ya kituo niliipiga picha kwa mtendaji: 19 Desemba zimeingia 24,000,000, na hadi 31 Desemba zimetoka 9,612,500, salio ni 14,387,500. Sikuyaandika mapema kwa sababu nilijua mtasema hakuna tatizo. Tatizo lipo. Wananchi wameambiwa asilimia 80, na mjamzito wa kijiji kile bado anapanda boti kwenda kujifungua. Zaidi ya hayo, tamko letu lilishapelekwa redioni juzi, lina sahihi ya mwenyekiti wetu, na kipindi ni Alhamisi.

Nusu Mwaka
Kumbe ushauri unaombwa baada ya barua kutumwa!

Bwana Ushahidi
Tamko lenyewe linasema nini?

Mfuatiliaji wa Ziwani
Linasema “milioni 96 zimetumika bila kazi kuonekana”. Naamini sentensi hiyo inabebeka. Kazi haionekani.

Mzee wa Leja
Haibebeki. Mweka hazina atakuja studio na taarifa hiyo hiyo ya benki uliyo nayo wewe, na dakika kumi za kipindi zitakuwa zake. Chukua boma lako uliloliona kwa macho. Liliidhinishiwa milioni 50. Zimelifikia milioni 24, tena siku kumi na mbili kabla robo haijafungwa. Limelipa milioni 9.6 na ushei, yaani takribani asilimia 40 ya kilichofika na chini ya asilimia 20 ya kilichoidhinishwa. Lenta na mbao zinaendana na kiasi hicho, ingawa bei za mbao hizo ukazipime dukani kabla ya kusema lolote. Hakuna wizi unaoonekana hapo. Kinachoonekana ni fedha za mwaka zilizosubiri hadi wiki ya Krismasi, na ripoti iliyouita uhamisho matumizi.

Na usilizidishe boma hilo kwa nne. Mengine matatu huna taarifa zake. Lingine linaweza kuwa limeshaezekwa, na lingine likawa halijagusa hata shilingi. Waandikie barua Mkurugenzi ukiomba taarifa za benki za vituo vyote vinne kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inawapa siku thelathini kukujibu.

Mama Kikundi
Siku thelathini na kipindi ni Alhamisi. Mpigie mtangazaji kesho asubuhi, mwanangu, umwambie sentensi moja inabadilika.

Mfuatiliaji wa Ziwani
Nitampigia, lakini suala la tarehe 19 Desemba sitaliacha, nalo nitalitanguliza. Fedha ni za makusanyo yao wenyewe, hazikutoka Dodoma, na makusanyo ya mialo yapo tangu Julai. Ila kuna jambo bado sijaelewa. Halmashauri ilipokea milioni 120 na kuhamisha 96. Milioni 24 zilizobaki zipo wapi, na kwa nini ni sawasawa na fungu la kituo kimoja?

Bwana Ushahidi
Sasa naanza kuamini kwamba ripoti ipo.

Mzee wa Leja
Hilo hata mimi sina jibu lake kutoka kwenye jedwali. Zinaweza kuwa zimeshikiliwa kwa ahadi ya malipo, kwa mfano mabati yaliyoagizwa kwa pamoja kwa maboma yote. Zinaweza pia kuwa zimeazimwa kwa shughuli nyingine huku zikisomeka kwamba zipo. Ripoti ya robo ya tatu ikitoka, linganisha safu ya “hadi Machi” na hii ya “hadi Desemba” kwenye mstari huo huo. Kama matumizi yameongezeka bila kituo chochote kupokea, omba hati ya malipo uone jina la aliyelipwa.