Tupeane uzoefu: Karatasi za mazoezi ya nyumbani shule inapofungwa ghafla

Mlezi wa Darasa
Wanajamvi, salaamu. Shule inapofungwa bila taarifa, iwe kwa mafuriko, ugonjwa wa kuambukiza au jengo kutokuwa salama, mwalimu huwa na saa chache tu za kuandaa kifurushi cha mazoezi ambacho mwanafunzi ataondoka nacho. Nguvu nyingi huishia kwenye maswali, na ukurasa wa mwongozo kwa mzazi huandikwa mwisho, kwa haraka, mara nyingi ukiwa na sentensi mbili za kumsihi mzazi amsimamie mtoto. Naomba tupeane uzoefu kuhusu ukurasa huo tu. Mlipoketi na mtoto, mwongozo uliwasaidia wapi na uliwakwamisha wapi? Nafundisha darasa la tatu, lakini uzoefu wa madarasa mengine pia unakaribishwa.

Mama Wawili
Mwalimu, mimi nitaeleza zoezi moja la kutoa lililotusumbua jioni nzima. Mwongozo ulisema: "Mzazi ahakikishe mtoto anafanya maswali yote kwa njia iliyofundishwa darasani." Njia yenyewe haikuonyeshwa popote. Swali lilikuwa 52 − 27, na binti yangu akaandika 35 bila wasiwasi wowote. Nilijua si sahihi, nikamwelekeza kama nilivyofundishwa mimi: unaongeza kumi juu ya 2 ili iwe 12, unatoa 7 unapata 5, kisha unaongeza moja kwenye ile 2 ya chini ili iwe 3, halafu 5 kutoa 3 ni 2, jibu 25. Yeye naye alikuwa akikumbuka kwamba darasani ile 5 hupunguzwa ikawa 4. Akachanganya yote mawili: akapunguza ya juu na kuongeza ya chini, akatoa 3 kwenye 4, akapata 15. Kuanzia hapo kila swali likawa na majibu mawili, la mama na la mwalimu, na machozi juu yake.

Mzee wa Chaki
Dada, umeeleza vizuri kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Njia yako ni sahihi kabisa na ya darasani ni sahihi pia, ila haziwezi kutumika pamoja katika swali moja. Kwa njia yako, kumi huongezwa kwa namba zote mbili, juu kama mamoja kumi na chini kama kumi moja, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Kwa njia ya darasani hakuna kinachoongezwa: kumi moja kati ya makumi matano hufunguliwa likawa mamoja kumi, yakabaki makumi manne. Mtoto aliyefanya yote mawili ametoa kumi moja zaidi ya inayotakiwa, ndiyo maana 15 imepungua kumi kamili kutoka 25.

Lile jibu la kwanza, 35, lina chanzo kingine. Mtoto aliona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Ni kosa la kawaida sana, na lina namna ya kulitambua. Mpe 58 − 26, ambapo hakuna haja ya kufungua kumi, atapata 32 bila shida. Kisha mpe 61 − 38. Akiandika 37 badala ya 23, si uzembe wala haraka; ana kanuni yake mwenyewe isiyo sahihi na anaifuata kwa uaminifu. Kumwambia "rudia kwa makini" hakutamsaidia, kwa sababu atairudia kanuni ileile.

Kwa hiyo, Mwalimu, ukurasa wa mzazi wa zoezi kama hili ningeuandika hivi. Juu kabisa kuwe na mfano mmoja, 52 − 27, uliofanywa hatua kwa hatua kama darasani, kwa mwandiko mkubwa, ile 5 ikiwa imekatwa na 4 kuandikwa juu yake. Chini yake sentensi tatu: ukiona 35, mpe mafungu matano ya vijiti kumi kumi vilivyofungwa na vijiti viwili vya peke yake, umwombe akupe saba bila kufungua chochote, naye ataona mwenyewe kwamba haiwezekani. Ukiona 15, muulize ni wapi alipunguza na ni wapi aliongeza. Ukiona jibu lingine, au akikwama mara mbili katika swali lilelile, zungushia swali hilo duara na muendelee. Sentensi hiyo ya mwisho huwaokoa wazazi wengi, kwa kuwa inawaruhusu kuacha bila kujiona wameshindwa, na inamwachia mwalimu taarifa.

Baba Mkali
Naona tunakuza jambo dogo. Tatizo la vifurushi hivi ni kwamba ni vyembamba mno. Kijana wangu alimaliza chote siku aliyokipokea, kisha akawa anazurura hadi shule ilipofunguliwa. Ongezeni kurasa. Pia ondoeni karatasi ya majibu, kwa sababu ndiyo aliyonakili.

Mzee wa Chaki
Ndugu yangu, kuhusu kunakili nakuunga mkono: majibu yaliyobanwa kwa pini pamoja na maswali hayafiki jioni. Lakini kurasa zaidi zingemalizwa kwa haraka ileile. Kijana alimaliza siku moja kwa sababu hapakuwa na kitu kilichomwambia asimame. Andika "Siku ya 1", "Siku ya 2" juu ya kila ukurasa, na usiweke maswali 30 ya kutoa mahali pamoja. Weka matano leo, mawili kesho kutwa katikati ya mazoezi ya kusoma, na mengine matatu baadaye. Mtoto anayekutana tena na kitu alichoanza kukisahau hulazimika kukikumbuka, na huko kukumbuka ndiko kunakokijenga. Kwa madarasa ya chini, dakika 15 hadi 20 kwa kikao zinatosha, vikao viwili kwa siku. Maswali yawe ya mambo yaliyokwisha kufundishwa, kwani mada mpya kwenye karatasi inamgeuza mzazi kuwa mwalimu bila kumpa nafasi ya kujiandaa.

Kuhusu majibu yenyewe, mimi ningempa mzazi mkononi, kwenye karatasi ya peke yake.

Baba Mkali
Na mzazi anayerudi usiku, mtoto amelala? Karatasi ya majibu itakuwa mezani mchana kutwa.

Neema ya Likizo
Samahani kwa kuchelewa kujiunga. Mwanangu alipewa kazi ya likizo akairudisha pungufu, akakatwa alama katika matokeo ya muhula. Je, mzazi anaweza kukata rufaa?

Mlezi wa Darasa
Dada Neema, hiyo ni kazi ya likizo, ambayo hupangwa mapema, na suala la rufaa ni la kuzungumza na mwalimu mkuu. Hapa tunazungumzia kufungwa kwa ghafla. Hata hivyo umegusa jambo: je, kifurushi cha dharura kipewe alama? Kwangu mimi hapana, kwa sababu alama zitapima nyumba yenye mtu mzima mwenye nafasi, si mtoto.

Baba Mkali
Kisipokuwa na alama hakitafanywa. Nawajua wanangu.

Mjukuu
Naandika kwa niaba ya bibi, ambaye ndiye aliyebaki na mdogo wangu wa darasa la pili. Bibi hasomi. Mwongozo wote, hata ungekuwa mzuri kama wa Mzee wa Chaki, kwake ulikuwa karatasi yenye alama nyeusi. Kilichomsaidia ni mstari mmoja ambao mwalimu aliwatamkia watoto wote kabla hawajaondoka, wakaurudia kwa pamoja: "Nisome kwa sauti, kisha nimweleze mkubwa nimejuaje." Mdogo wangu alifika nyumbani akiwa na agizo hilo kichwani, na bibi alichofanya ni kuketi na kuuliza, "Umejuaje?" Hadithi fupi aliyopewa ilikuwa na mtoto aliyekwenda kisimani. Aliposema mtoto yule alichelewa, bibi akauliza amejuaje, ikabidi arudi kwenye karatasi kutafuta sentensi inayosema jua lilikuwa limezama. Bibi hakuwa na namna ya kujua kama jibu ni sahihi, lakini mdogo wangu alijisahihisha mara kadhaa akiwa katikati ya kueleza. Kwenye hesabu mbinu hiyo ilifanya kazi kidogo tu, kwa sababu kosa lililoelezwa kwa kujiamini lilimridhisha bibi.

Karani wa Mashine
Mimi si mwalimu, ni mdurufishaji, na vifurushi hivi hupita mikononi mwangu. Mengi mnayoyapanga huharibikia kwangu. Mashine yetu hutoa nyeusi na nyeupe, na bado naletewa swali linalosema "zungushia maumbo mekundu". Mwongozo wa mzazi ukiwa karatasi iliyolegea, hupotea kabla ya lango. Utumie karatasi ya A3 iliyokunjwa katikati: unapata kijitabu cha kurasa nne za A4 kisichohitaji pini, mwongozo ukae ukurasa wa nje, mazoezi ndani. Mkiongeza kurasa, ongezeni nne nne, la sivyo mtalipia kurasa tupu. Na tafadhali leteni nakala halisi. Nakala iliyodurufiwa kutoka nakala nyingine hufifia, alama ya kutoa hutoweka, na mtoto hubaki na 52 na 27 asijue afanye nini.

Jambo jingine: shule moja ninayoihudumia huweka kijitabu kimoja kwa kila darasa kwenye faili, na mwalimu hukibadilisha kila mwezi kulingana na alipofikia. Tangazo la kufunga likija, kazi yangu ni kudurufu tu.

Mama Wawili
Karani, hilo la A3 linge­nifaa. Wa kwangu wawili karatasi zao zilichanganyikana, na hazikuwa na majina isipokuwa ukurasa wa mbele.

Mzee wa Chaki
Alichosema Mjukuu kuhusu hesabu kinanikumbusha utafiti uliofanyika Botswana mwaka 2020, shule zilipofungwa. Kaya zipatazo 4,500 zilihusishwa. Baadhi zilitumiwa maswali machache ya hesabu kwa ujumbe mfupi kila wiki, nyingine zikapata ujumbe huo pamoja na simu ya mwalimu ya takriban dakika 15 hadi 20, akiongea na mzazi na mtoto kuhusu maswali hayo. Waliopata ujumbe pamoja na simu walisonga mbele kwa namna iliyoonekana. Waliopata ujumbe peke yake hawakuonyesha tofauti kubwa. Naamini karatasi nazo haziko mbali na ujumbe ule. Kosa la kujiamini linahitaji mtu mwingine wa kulisikia.

Mlezi wa Darasa
Mzee, darasa langu lina watoto zaidi ya 60. Simu ya dakika 15 kwa kila mmoja ni saa 15 na zaidi kwa wiki, na muda wa maongezi ni wa mfuko wangu.

Mzee wa Chaki
Usiwapigie wote. Omba kila mzazi atume namba za maswali yaliyozungushiwa duara, hakuna kingine. Watakaotuma duara kwenye maswali ya kufungua kumi wapigie kwanza. Ila wale wa 35 na 37, walioandika wakiwa na uhakika, hawatazungusha chochote, na hao sijui utawapataje kabla hawajarudi.

Mama Wawili
Weka jibu la swali moja tu kwenye ukurasa wa nje, Mwalimu. Lile la 61 − 38. Mzazi akiona 37 atajua wa kwake ni miongoni mwa hao, na hakuna cha kunakili.

Baba Mkali
Hilo nalikubali. Alama bado.