Nikimbie kabla ya kufuturu au baada ya tarawehe?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaofanya mazoezi huku mmefunga.

Niko Wete, Pemba, nina miaka 34, sina sukari wala presha. Siku za kawaida hukimbia polepole nusu saa. Mfungo ulipoanza nikawa natoka saa kumi na moja na nusu jioni, ili nikimaliza adhana ya magharibi iwe karibu. Siku ya tatu kichwa kiliniuma, na nilipoinuka kutoka sijda kizunguzungu kikanishika. Nilikuwa nimejipima uzani kabla na baada ya kukimbia: nusu kilo imepungua, yaani kiasi cha nusu lita ya jasho, na joto letu mnalijua. Mkojo ulikuwa mzito, rangi ya chai kavu.

Nikahamia baada ya tarawehe, saa tatu na nusu usiku. Kichwa kimetulia, lakini usingizi hauji mpaka saa saba, na daku linanikuta hoi.

Maji nakunywa glasi mbili kwa tende wakati wa kufuturu, kisha uji. Wakati wa daku nakunywa lita nzima kwa mpigo, na nyingi naikojoa kabla jua halijapanda.

Naomba kuuliza: je, nikitembea haraka dakika 20 kabla ya magharibi badala ya kukimbia, inatosha kulinda pumzi yangu hadi Idi? Na maji ya usiku, lita mbili hivi, niyagawe vipi baina ya futari na daku ili mwili uyashike?