Defender inasema programu ya risiti ni kirusi, na matangazo hayaishi. Nimalizane na fundi au?

Mwenye_Stesheneri:
Wakuu, habari za kazi. Kompyuta ya dukani ni Windows 10. Binamu yangu alinitengenezea programu ya kutoa risiti, sasa Defender imeikamata, inaiita `Trojan:Win32/Wacatac.B!ml`. Tena pembeni chini kulia kunaruka matangazo kwamba kompyuta ina virusi, hata nikiwa nachapa barua ya mteja. Fundi anataka elfu arobaini apige Windows upya, nusu nimeshampa. Nimmalizie?

Kipanga:
Mmalizie. Mimi nilipuuza, nikapoteza picha zote za harusi ya dada yangu. Halafu weka antivirusi mbili, moja ikikosa nyingine inakamata.

Bi_Taratibu:
Pole kwa picha, Kipanga, ila antivirusi mbili zikilinda kwa pamoja zinavutana na mashine inalemewa.

Mwenye uzi, hayo ni mambo mawili. Hiyo `!ml` mwishoni inaonyesha Defender imekisia kwa kuangalia umbo na mwenendo wa faili. Programu ndogo isiyo na sahihi ya mtengenezaji, hasa ya Python iliyofungwa kuwa faili moja, hukamatwa sana kwa jina hilo. Ila virusi wa kweli nao hupewa jina hilohilo, kwa hiyo pima kwanza. Binamu yako aendeshe amri hii kwenye faili lake la asili, na wewe kwenye lako:

```
certutil -hashfile risiti.exe SHA256
```

Namba zikilingana, hakuna aliyelichezea faili njiani. Kisha tafuta namba hiyo VirusTotal, ambako faili hupimwa na antivirusi kama 70. Zikilalamika mbili tatu tu, kwa majina ya kukisia, huenda ni kengele ya uongo. Zikiwa nyingi na zinataja kirusi kilekile, lifute.

Na hilo tangazo linaporuka, soma maandishi madogo. Pana anwani ya tovuti?

Mwenye_Stesheneri:
Ipo. Pameandikwa Google Chrome, halafu anwani nisiyoijua.

Bi_Taratibu:
Basi hiyo si Defender. Ni tovuti uliyoibonyezea Allow. Fungua `chrome://settings/content/notifications`, uiondoe kwenye orodha ya walioruhusiwa.

Mama_Wawili:
Mimi simu yangu inaleta matangazo ya mikopo usiku kucha, na hiyo ni virusi?

Chunguza_Kwanza:
Jamani, uzi huu umetungwa. Subirini, atatokea mtu na antivirusi ya kuuza. Ndugu, tangu uanze hujasema ulipakua nini wala uligusa nini kwenye Defender. Kirusi kilidondoka kutoka mbinguni?

Mwenye_Stesheneri:
Situngi, hili duka ndilo linalonilisha. Nilipakua kiendelezi cha kushusha video za mechi, kilikuja na faili la kusakinisha. Sikuona kama kinahusika. Na Defender niliiambia isikague `C:\` yote, maana ilikuwa inafuta risiti na wateja wamepanga foleni. Mlitaka nifunge duka? Kiendelezi chenyewe kitufe cha Remove hakipo, na Chrome inaandika "Managed by your organization". Shirika gani? Nipo peke yangu.

Chunguza_Kwanza:
Sawa, sasa naamini.

Bi_Taratibu:
Hapo ndipo penye tatizo. Ulitaka kuokoa faili moja, ukafungua nyumba nzima. Anza kwa kufunga huo mlango, PowerShell ikiwa imefunguliwa kama msimamizi:

```
Remove-MpPreference -ExclusionPath "C:\"
```

Kisha endesha Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Usirukie kiendelezi kwanza, kwa sababu kilicholetwa na lile faili kikiwa bado hai kitakirudisha.

Baadaye fungua `chrome://policy`. Ukiona `ExtensionInstallForcelist` yenye herufi 32 zisizosomeka, hiyo ndiyo inayokilazimisha. Kompyuta ikiwa yako na si ya ofisi:

```
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
```

Funga Chrome, ifungue tena, ukitoe kwenye `chrome://extensions`. Kama kilikuwa na ruhusa ya "Read and change all your data on all websites", badilisha nywila za barua pepe na benki kwa kutumia kifaa kingine.

Kipanga:
Yote hayo ya nini? Fundi angemaliza kwa saa moja.

Bi_Taratibu:
Kikirudi baada ya hapo, apige Windows, sitabisha. Ila akipiga halafu ukaingia tena na akaunti yako ya Google, usawazishaji unaweza kukirudisha kiendelezi ulichokiacha humo.

Mwenye_Stesheneri:
Nimerudi. Ukaguzi umekamata kitu kwenye `AppData`, kiendelezi kimetoka, matangazo kimya. Fundi anasema hela hairudi. Namba ya risiti imelingana na ya binamu, ila VirusTotal haina rekodi yake kabisa.

Chunguza_Kwanza:
Na kama kompyuta ya binamu ndiyo chafu? Namba zitalingana vilevile.

Bi_Taratibu:
Ni kweli. Lipandishe faili lenyewe VirusTotal, mradi halina majina ya wateja ndani, maana watu wengine wanaweza kuliona. Likionekana safi, mwambie binamu alitume Microsoft walikague. Mpaka hapo andika risiti kwa mkono.

Mwenye_Stesheneri:
Kwa mkono siwezi, kesho shule zinafunguliwa. Nitaliruhusu hilo moja tu.